Gharama za kurudia kazi: kisa cha karakana iliyobadilisha njia mara mbili ndani ya mwaka mmoja

Usuli

Karakana inayozungumziwa hapa hutengeneza matanki na vyombo vya chuma kwa oda. Haina bidhaa ya kuweka stoo ikingoja mnunuzi. Kila oda ina mchoro wake, namba yake na kadi yake ya gharama, ambayo huandikwa malighafi iliyotolewa stoo, saa za mafundi na sehemu ya oda hiyo katika gharama za jumla za karakana, yaani ovahedi. Majina, mahali na sarafu nimeviondoa, na tarakimu nimezizungusha ili zisomeke kirahisi. Fedha zote zilizotajwa ni kwa maelfu.

Oda zao ni za aina mbili. Kuna matanki ya maji ya bamba la kawaida, ambayo hupimwa kwa kujazwa maji na kuangaliwa kama kuna panapovuja. Kisha kuna vyombo vya presha vya chuma cha pua, ambavyo mishono yake hupigwa eksirei na mkandarasi wa nje. Filamu ikionyesha vitundu vya gesi, au ikionyesha kwamba mchomeleo haukufika chini, fundi huusaga mshono kwa grainda hadi kasoro iishe, huuchomelea upya, na filamu hupigwa tena. Chombo hakitupwi wala hakiuzwi kwa bei ya hasara. Kinarekebishwa na kuuzwa kama kizima, ila sasa kimekula saa, argoni, diski za grainda na malipo ya eksirei ambayo hayakuwa kwenye hesabu ya mwanzo.

Kwa miaka mingi gharama hizo za marudio ziliingizwa kwenye ovahedi. Bajeti ya mwaka ilikuwa na saa 20,000 za mafundi, ovahedi ya kawaida ya 240,000, na fungu la marudio la 40,000. Ukigawa 280,000 kwa saa 20,000 unapata 14 kwa saa, na kati ya hizo, 12 ni za umeme, pango, wasimamizi na uchakavu wa mashine, na 2 ni za marudio. Kila oda ilipakiwa 14 kwa kila saa ya fundi. Marudio yenyewe yalipotokea, hayakugusa kadi ya oda yoyote. Akaunti ya ovahedi ilidebitiwa, na stoo, mishahara na mkandarasi wa eksirei wakakreditiwa.

Njia hii si ya kijinga, na sipendi inavyodharauliwa. Oda zikifanana, na kila moja ikiwa na nafasi ileile ya kurudiwa, kusambaza ni haki tupu na kunapunguza karatasi. Tatizo la karakana hii lilikuwa kwamba oda zake hazifanani hata kidogo.

Kilichowashtua

Mkadiriaji wa bei ndiye aliyeanza kulalamika. Zabuni za matanki ya maji, kazi ambayo mafundi wake wangeifanya wamefumba macho, zilikuwa zinawaponyoka moja baada ya nyingine kwa tofauti ndogo. Za vyombo vya presha walikuwa wanazipata kwa urahisi uliomtia wasiwasi. Alimwendea mhasibu wa gharama na kadi mbili, moja ya kila aina, zenye saa sawa.

| | Matanki ya maji | Chombo cha presha |
|---|---|---|
| Malighafi | 3,000 | 4,400 |
| Mishahara, saa 300 × 8 | 2,400 | 2,400 |
| Ovahedi, saa 300 × 14 | 4,200 | 4,200 |
| Jumla ya gharama | 9,600 | 11,000 |
| Bei (gharama + asilimia 20) | 11,520 | 13,200 |
| Faida kwenye kadi | 1,920 | 2,200 |

Kwa kadi hizi, chombo cha presha ndicho kizuri zaidi. Mhasibu akaenda kuchimba hati za stoo, karatasi za saa na ankara za eksirei ili ajue kila oda ilirudiwa kwa kiasi gani. Matanki yalikuwa na sehemu chache zilizovuja, ambazo zilizibwa kwa 120. Chombo cha presha kilitumia saa 130 za marudio zenye mshahara wa 1,040, argoni, nyaya za kuchomelea na diski za 260, na eksirei za kurudia za 600. Jumla ni 1,900.

Sasa ondoa ile 2 ya marudio kwenye kiwango cha ovahedi, kisha kila oda iandikiwe marudio yake yenyewe. Matanki yanagharimu 3,000 + 2,400 + 3,600 + 120, yaani 9,120, na faida yake inapanda hadi 2,400. Chombo cha presha kinagharimu 4,400 + 2,400 + 3,600 + 1,900, yaani 12,300, na faida yake inashuka hadi 900. Kila oda ilikuwa imelipa 600 ya marudio kupitia kiwango cha ovahedi, iwe ilirudiwa au haikurudiwa. Matanki yalikuwa yanawalipia wenzao, na karakana ilikuwa inaomba 11,520 kwa kazi ambayo, kwa asilimia ileile 20, ingeweza kuiomba kwa 10,944.

Uamuzi wa kwanza: kila marudio kwenye oda yake

Meneja alipoona hesabu hiyo alitoa agizo siku hiyohiyo: kuanzia mwezi unaofuata, marudio yote yaandikwe moja kwa moja kwenye oda iliyorudiwa. Hoja yake ilieleweka. Aliyesababisha gharama aibebe, na msimamizi wa oda ajibu. Katika vitabu, akaunti inayodebitiwa ikawa ya kazi zinazoendelea, chini ya namba ya oda husika, badala ya ovahedi. Upande wa krediti haukubadilika.

Agizo lile lilikuwa na mapengo matatu, nayo yalionekana moja baada ya lingine.

La kwanza lilikuwa la kimahesabu. Kiwango cha ovahedi kilikuwa kimewekwa mwanzoni mwa mwaka na hakuna aliyekigusa. Oda ziliendelea kupakiwa 14 kwa saa, na humo mlikuwa bado na ile 2 ya marudio, huku marudio halisi nayo yakiandikwa kwenye kadi zilezile. Chombo cha presha kama kile cha kwanza kilionyesha gharama ya 12,900, yaani 4,400 + 2,400 + 4,200 + 1,900, na faida ya 300 tu. Mkadiriaji akaanza kusema vyombo vya presha viachwe kabisa.

Kosa hili lina alama yake, na mhasibu yeyote anaweza kuitafuta. Mwisho wa robo ile saa 5,000 zilikuwa zimefanywa, kwa hiyo oda zilikuwa zimepakiwa ovahedi ya 70,000. Matumizi halisi ya ovahedi yalikuwa karibu 60,000, kwa sababu marudio hayakuingia tena humo. Akaunti ikabaki na salio la krediti la 10,000. Mhasibu msaidizi alilitafsiri kama akiba: karakana imebana matumizi. Mhasibu wa gharama alichukua 10,000, akagawa kwa saa 5,000, akapata 2 kamili, na hapo akajua. Salio la ovahedi likigawanywa kwa saa na kutoa namba ileile iliyo kwenye bajeti ya kitu ulichohamisha, ujue kitu hicho kimehesabiwa mara mbili.

Pengo la pili lilihusu sababu. Mashine ya kuviringisha mabamba ilikuwa imechakaa beringi ya upande mmoja, na mabamba yakawa yanatoka kama faneli iliyobanwa, kingo zake zikiachana kwa milimita 12 hivi mwisho mmoja. Mafundi walilazimika kuzivuta kingo kwa jeki na kabari, kukata pointi za mwanzo na kuzishika upya. Oda nne zilipita kwenye mashine hiyo kabla beringi haijabadilishwa, na marudio yake yote yalifika 2,100. Kati ya hizo, 1,100 ziliiangukia oda iliyokuwa ya kwanza, kwa sababu wakati ule hakuna aliyejua kuwa tatizo ni mashine, kwa hiyo walihangaika nayo zaidi. Oda ya tano ilipita baada ya matengenezo na haikulipa kitu. Mchoro wa oda ya kwanza haukuwa na ugumu wowote uliostahili 1,100. Ilitangulia tu kwenye foleni.

Katika robo hiyohiyo, ofisi ya michoro ilitoa toleo la zamani la mchoro. Nozeli nne zikakatwa mahali pasipo pake, bamba likazibwa viraka, viraka vikapigwa eksirei, na gharama ikafika 2,600. Nayo ikaandikwa kwenye oda, kwa kuwa agizo lilisema "yote". Oda hiyo ilikuwa haijakamilika hesabu za nusu mwaka zilipofungwa, kwa hiyo 2,600 zikakaa kwenye mizania kama sehemu ya thamani ya kazi zinazoendelea. Hapo suala linatoka kwenye hesabu za ndani na kuingia kwenye kanuni. Kiwango cha kimataifa cha uhasibu IAS 2 hakiruhusu upotevu usio wa kawaida wa malighafi, kazi au gharama nyingine za uzalishaji kuhesabiwa ndani ya thamani ya bidhaa zilizopo. Unapaswa kutambuliwa kama gharama ya kipindi kile ulipotokea. Kosa la mchoro halimwongezei mteja kitu wala halitarajiwi na mtu yeyote anapotoa bei.

Hati zilizopungua

Pengo la tatu ndilo lililochukua muda mrefu kuonekana, kwa kuwa kwenye taarifa lilionekana kama mafanikio. Wiki ya sita baada ya agizo, hati za marudio zilianza kupungua. Meneja alifurahi. Mhasibu hakufurahi sana, kwa sababu stoo ilikuwa inatoa diski za grainda kwa kasi ileile ya zamani, na mshono usiorudiwa hauli diski kiasi hicho.

Ushahidi aliupata kwa mkandarasi wa eksirei. Wapiga picha wa mishono wana desturi ya kuweka alama kwenye filamu ya mshono uliorekebishwa: R1 kwa marekebisho ya kwanza, R2 kwa ya pili. Filamu haijui siasa za karakana. Alikaa na ripoti za robo ile, akapekua ukurasa kwa ukurasa, na kuhesabu mishono 31 yenye R1. Hati za marudio za vyombo vya presha zilikuwa 12.

Saa za mishono ile mingine zilikuwa zimekwenda wapi? Nyingi ziliandikwa kama saa za kawaida za oda husika, hivyo gharama ilibaki kwenye oda sahihi lakini sababu yake ikapotea. Nyingine zilihamia kwenye oda moja iliyokuwa na mkataba wa mteja kulipa gharama halisi pamoja na asilimia. Huko hakuna msimamizi aliyekuwa anaulizwa, kwa sababu kila saa iliyoandikwa ililipwa na kuongezewa faida. Kwa siku mbili mfululizo kadi ya oda hiyo ilionyesha wachomeleaji wawili wa chuma cha pua, ilhali tanki lenyewe lilikuwa la bamba la kawaida. Mhasibu alizirudisha saa hizo kabla ankara haijatoka. Zingetoka, mteja angekuwa amelipishwa makosa ya oda ya mwingine, na jambo hilo lina jina baya zaidi kuliko kosa la uhasibu.

Alipomuuliza fundi mkuu mbona hati hazijazwi, jibu lilikuwa fupi: "Mzee, ile karatasi nikiijaza, naandika barua yangu ya onyo kwa mkono wangu." Alikuwa na haki yake. Hati ilijazwa na yeye, sababu ikaandikwa na yeye, na gharama ikasomwa mbele yake kwenye kikao cha kila Jumatatu, pamoja na zile za beringi iliyokufa na za mchoro ambao hakuuchora.

Uamuzi wa pili: sababu kwanza, akaunti baadaye

Walipokaa tena, hawakurudi kwenye kusambaza kila kitu. Waliweka maswali matatu ya kuulizwa kila marudio yanapotokea, kwa mpangilio huu.

Swali la kwanza ni kama jambo hili lingetarajiwa katika karakana inayoendeshwa vizuri. Kama jibu ni hapana, kama lilivyokuwa kwa mchoro wa zamani, gharama inakwenda kwenye akaunti ya hasara ya marudio yasiyo ya kawaida na kuishia kwenye matokeo ya kipindi. Haigusi oda wala ovahedi. Zile 2,600 zilitolewa kwenye kazi zinazoendelea kwa ingizo la kusahihisha: debiti hasara, krediti kazi zinazoendelea.

Kama lingetarajiwa, swali la pili ni kama limetokana na masharti ya oda yenyewe. Mshono wa chuma cha pua unaopigwa eksirei utarudiwa mara kadhaa hata mikononi mwa fundi hodari, kwa sababu mteja ameomba kiwango ambacho tanki la maji halijawahi kuombwa. Marudio hayo yanakaa kwenye oda. Swali la tatu linahusu yanayobaki, yaani yale ya kawaida ambayo yangeweza kuikuta oda yoyote, kama beringi iliyochakaa taratibu. Haya yanakwenda kwenye ovahedi na kugawanywa kwa wote. Zile 2,100 za mashine ziliondolewa kwenye oda nne na kuingizwa huko.

Kuna aina moja waliyoitoa nje kabisa ya maswali haya. Mteja akibadili mahali pa nozeli baada ya bamba kukatwa, hayo si marudio. Ni badiliko la oda, linatolewa bei yake, linasainiwa, na mteja analilipia. Zamani mengi ya haya yalikuwa yanapotelea kwenye fungu la marudio bila mtu kuyadai.

Mabadiliko mawili ya kiutendaji yalifanyika pamoja na maswali hayo. Hati ya marudio ilihamishiwa kwa mkaguzi wa ubora, ambaye hujaza sababu kabla grainda haijawashwa, na mhasibu huilinganisha na alama za R1 na R2 kila mwezi. La pili, kiwango cha ovahedi kilibadilishwa siku ileile kanuni mpya ilipoanza. Kati ya fungu la 40,000, walikadiria kuwa 14,000 ni za marudio ya pamoja, na hizo tu ndizo zilizobaki kwenye kiwango: 254,000 kwa saa 20,000, yaani 12.70 kwa saa. Nyingine zote zikawa za kukadiriwa oda kwa oda wakati wa kutoa bei. Salio la krediti la robo iliyopita walilirekebisha kwa kuzipunguzia oda za robo ile 2 kwa kila saa, zilizouzwa na ambazo hazijauzwa, ili kadi zisibaki na uongo wa kutumiwa kama mfano baadaye.

Matokeo

Oda ya matanki kama ile ya kwanza sasa inakadiriwa hivi: 3,000 + 2,400 + 3,810 za ovahedi, na 100 za kuziba panapovuja, jumla 9,310, bei 11,172. Ni pungufu kwa 348 kuliko zamani, na katika zabuni walizokuwa wanashindwa kwa tofauti ndogo, hiyo ilitosha kuwarudisha ulingoni. Chombo cha presha kinakadiriwa 4,400 + 2,400 + 3,810 + 1,300 za marudio yanayotarajiwa, jumla 11,910, bei 14,292. Mteja mmoja wa zamani alikataa bei hiyo na kuondoka. Wengine walilalamika, wakabaki.

Hati zikaanza kusema kitu. Sababu iliyojirudia zaidi kwenye vyombo vya presha ilikuwa upande wa ndani wa mshono kuungua kwa kukosa argoni nyuma yake. Mafundi walikuwa wanapitisha gesi bila kuziba vizuri pande mbili za mshono, kwa hiyo gesi ilitawanyika na hewa ikaingia. Karakana ikanunua vizibo maalumu vya kuzuia gesi, kwa fedha pungufu ya marudio ya oda moja. Wakati 40,000 zilipokuwa zimelala ndani ya ovahedi, vizibo hivyo havikuwahi kuombwa na mtu, kwa kuwa hapakuwa na mahali pa kuonyesha vingeokoa nini.

Uchambuzi

Kosa la uamuzi wa kwanza, kwa maoni yangu, halikuwa kuyapeleka marudio kwenye oda. Lilikuwa ni kubadili upande mmoja wa mfumo na kuuacha mwingine. Njia ya kurekodi marudio na kiwango cha ovahedi ni uamuzi mmoja, kwa sababu kiwango hicho ni ahadi iliyotolewa mapema kuhusu nini kitapita humo. Marudio yakihamishwa katikati ya mwaka, kiwango kihame nayo siku hiyohiyo, au mabadiliko yasubiri mwaka mpya.

Uamuzi wa pili ulitengeneza kiwango na ukatenganisha sababu, lakini unategemea sana uadilifu wa swali la kwanza. Neno "si ya kawaida" linavutia. Oda ikianza kuonyesha hasara, kila msimamizi atagundua kuwa marudio yake hayakutarajiwa na hata mbinguni. Karakana ilijaribu kuzuia hilo kwa kuweka kikomo: marudio ya mshono wa eksirei yakivuka kiasi kilichokadiriwa kwenye bei, ziada inabaki kwenye oda mpaka mkaguzi aonyeshe sababu iliyo nje ya mshono. Mwenyewe ningeongeza kwamba mtu anayetoa uamuzi huo asiwe anapimwa kwa faida ya oda.

Kwenye mikataba ya gharama pamoja na asilimia, maswali matatu hayatoshi. Mkataba ule wa kwao ulikuwa kimya kuhusu marudio. Ukisoma hesabu za karakana, marudio ya kawaida yatokanayo na masharti ya oda ni gharama halali ya oda hiyo. Ukimuuliza mteja, atakwambia hakukubali kulipa faida juu ya mshono uliochomelewa vibaya. Jambo hilo linamalizwa kwenye mkataba, kabla bamba la kwanza halijakatwa. Uhasibu hauna uwezo wa kulimaliza baadaye.

Sehemu moja waliiacha bila kuimaliza, na inabadilisha picha kuliko wanavyodhani. Kadi zao huandika mishahara, vifaa na eksirei za marudio, lakini saa za marudio hazipakiwi ovahedi. Zile saa 130 za chombo cha kwanza zilitumia umeme, zilishika nafasi karakanani na zilimweka msimamizi pale pale, ila kwenye kadi hazikubeba chochote cha hayo. Kuzipakia 12 kwa saa bila kugusa kingine kungekuwa kosa lilelile la kuhesabu mara mbili, kwa kuwa 12 hiyo ilipatikana kwa kugawa ovahedi yote kwa saa 20,000 za kutengeneza peke yake. Zikipakiwa, lazima ziingie pia kwenye kigawanyo. Fungu la marudio la mwaka lilikuwa na saa 2,500 hivi ndani yake, kwa hiyo:

```
240,000 / (20,000 + 2,500) = 10.67 kwa saa
```

Matanki yenye saa 300 yangebeba takriban 3,200 badala ya 3,600. Chombo cha presha kingebeba ovahedi ya saa 430, yaani takriban 4,587. Kisha jumlisha: 4,400 + 2,400 + 1,900 + 4,587 ni 13,287, na bei yake ilikuwa 13,200. Oda iliyoonyesha faida ya 2,200 kwenye kadi ya kwanza, na 900 baada ya uchunguzi, ilikuwa imeuzwa kwa hasara ya karibu 87.

Mhasibu ameshaiweka hesabu hiyo kwenye pendekezo la bajeti ya mwaka ujao. Mkadiriaji anaipinga, akisema bei ya vyombo vya presha ikipanda mara ya pili ndani ya miezi 12 hakuna mteja atakayebaki. Mhasibu anamjibu kwamba bei si lazima ifuate gharama kwa asilimia 20 kila mara, na kwamba faida juu ya marudio inaweza kupunguzwa au kuachwa kabisa, maadamu kadi yenyewe inaonyesha oda imekula nini. Meneja ameomba kwanza aone hati za miezi mitatu tangu vizibo vya gesi vinunuliwe, kwa kuwa saa za marudio zikishuka, kigawanyo nacho kitakuwa kingine.